GB 256 Zilezile, Mwendo Tofauti

Katikati ya mwaka 2022 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Air mpya yenye prosesa ya M2. Prosesa hiyo ilikuwa na nguvu kuliko M1 iliyoitangulia, umbo la kompyuta lilikuwa jipya, na toleo la bei ya chini kabisa lilikuja na hifadhi ya GB 256, sawa na mtangulizi wake. Wapimaji walipoiendeshea programu ya kupima kasi ya diski, walikuta jambo ambalo halikuwa kwenye tangazo. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ilisoma takribani MB 2,900 kwa sekunde na kuandika takribani MB 2,200. Ile mpya ilisoma na kuandika karibu MB 1,450 tu. Kasi ya kusoma ilikuwa imeshuka kwa nusu.

Walipoifungua, sababu ilionekana kwa macho. Kwenye ubao wa M1 kulikuwa na chipu mbili za hifadhi, kila moja ikiwa na GB 128. Kwenye ubao wa M2 kulikuwa na chipu moja ya GB 256. Apple haikukanusha. Ilieleza kwamba sasa inatumia chipu zenye ujazo mkubwa zaidi, kwamba vipimo vya diski vinaweza kuonyesha tofauti, lakini kwamba kwa kazi za kila siku kompyuta hiyo ina kasi kuliko ya zamani. Mwaka 2024 MacBook Air ya M3 ilipotoka, toleo la GB 256 lilikutwa limerudishiwa chipu mbili.

Kisa hiki kina faida moja kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini laptopu mbili zenye hifadhi ya ukubwa uleule haziendi mwendo mmoja: hakina utatanishi wa kampuni tofauti wala wa diski feki. Ni mtengenezaji yuleyule, ujazo uleule na neno lilelile SSD kwenye maelezo ya bidhaa. Kilichobadilika ni idadi ya chipu, na hilo peke yake lilitosha.

Seli ni za polepole, wingi wake ndio kasi

Ndani ya SSD hakuna sahani inayozunguka wala kichwa kinachosoma. Data hukaa kwenye mabilioni ya seli, na kila seli ni transista ndogo sana yenye sehemu iliyozungukwa na kihami. Volti ya juu ikitumika, elektroni hupenya kihami hicho na kunaswa ndani, na umeme ukikatika hubaki palepale. Mhandisi Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba nchini Japani waliutambulisha mpangilio wa seli hizo uitwao NAND mwaka 1987. Ndio uliomo hadi leo kwenye simu, flashi za USB, kadi za kamera na diski za SSD.

Seli hizo haziandikwi moja moja. Huandikwa kwa kundi liitwalo ukurasa, ambao katika chipu nyingi za sasa hubeba KB 16. Kuandika ukurasa mmoja si kazi ya papo kwa papo, kwa kuwa chipu husukuma elektroni kidogo, hupima, kisha husukuma tena hadi kiwango kinachotakiwa kifikiwe. Tuseme zoezi hilo linachukua nusu ya milisekunde. Kwa sekunde moja zitaandikwa kurasa 2,000, ambazo ni takribani MB 32. Hiyo ni kasi ya flashi ya kawaida ya USB, na haifanani hata kidogo na zile MB 2,000 na ushei zinazotangazwa kwenye maboksi.

Pengo hilo huzibwa kwa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Ndani ya chipu moja mna vipande kadhaa vya silikoni vilivyopangwa juu kwa juu, na kila kipande kimegawanywa katika maeneo yanayoweza kuandika kwa pamoja. Juu ya yote yupo msimamizi, yaani kidhibiti cha diski, anayeligawa faili moja katika vipande na kuvituma huku na huku. Ni kama mpika chapati: chapati haiivi haraka zaidi kwa sababu wateja wamepanga foleni, lakini mwenye vikaango vinne hutoa chapati nne katika muda ambao mwenye kimoja hutoa moja. MacBook Air ya M2 yenye GB 256 ilikuwa imepunguziwa kikaango.

Hapa ndipo linapozaliwa jambo linalowashangaza wanunuzi. Kadiri viwanda vinavyofaulu kubana seli nyingi zaidi ndani ya kipande kimoja cha silikoni, ndivyo ujazo mdogo unavyohitaji vipande vichache zaidi. GB 256 zilizowahi kuhitaji vipande vinane sasa zinaweza kutimia kwa viwili au vinne. Gharama hushuka, na mnunuzi hunufaika kwenye bei, ila vipande vinavyofanya kazi sambamba vimepungua. Ndiyo maana katika familia moja ya diski, ile ya GB 256 aghalabu huandika polepole kuliko ile ya GB 512 au TB 1, na ndiyo maana diski mpya ya ujazo mdogo inaweza kupitwa na ya zamani. Kwenye maboksi, maandishi makubwa ya kasi mara nyingi ni ya toleo lenye ujazo mkubwa. Takwimu za toleo dogo huwa kwenye jedwali lenye herufi ndogo.

Kasi inayotangazwa na kasi inayohisiwa

Hata hivyo Apple haikusema uongo ilipotaja kazi za kila siku. Watu wengi walionunua ile M2 hawakuhisi upungufu wowote, na kuna sababu.

Namba inayoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kusoma au kuandika faili kubwa kwa mfululizo, bila kukatisha. Kompyuta haiishi hivyo. Inapowaka, inapofungua kivinjari au inapotafuta barua ya mwaka jana, husoma maelfu ya vipande vidogo vya KB 4 vilivyotawanyika diski nzima, na mara nyingi haiwezi kuomba kipande cha pili kabla ya kupata cha kwanza, kwa kuwa cha kwanza ndicho kinachoeleza cha pili kiko wapi. Hapo wingi wa chipu hausaidii sana. Kinachohesabika ni muda wa kusubiri jibu moja.

Vipimo vya aina hii hutoa picha nyingine kabisa. Hadi diski ya zamani ya kuzunguka haifikishi hata MB 1 kwa sekunde ikisoma vipande hivyo vilivyotawanyika, kwa sababu kila mara kichwa lazima kihame na sahani izunguke. SSD ya kawaida ya SATA hufikisha takribani MB 30 hadi 40, na SSD nzuri ya NVMe takribani MB 50 hadi 80. Kwa hiyo diski inayotangazwa kuwa na MB 3,500 kwa sekunde hufanya kazi nyingi za siku kwa kasi ya MB 60 hivi. Aliyehama kutoka hadi diski kwenda SSD yoyote ile aliona muujiza. Anayehama kutoka SSD moja nzuri kwenda nyingine yenye namba kubwa maradufu huenda asione chochote akifungua Word.

Basi upungufu wa ile M2 ulionekana lini? Ulionekana katika hali mbili. Ya kwanza ni kuhamisha mafaili makubwa, kwa mfano video za saa nzima. Ya pili imejificha zaidi, nayo ni pale RAM inapojaa. Toleo hilo la bei ya chini lilikuwa na RAM ya GB 8. Mtu akiwa na kivinjari chenye vichupo vingi, programu ya picha na nyingine ya kuhariri video vyote vikiwa wazi, mfumo huanza kuhamishia kwenye diski vitu visivyotumika kwa dakika hiyo na kuvirudisha vinapohitajika. Sasa diski imegeuka kuwa RAM ya dharura, na trafiki yake ni kubwa, ya kwenda na kurudi. Wapimaji waliofungua programu nyingi kwa pamoja waliona M2 ikisuasua mahali ambapo M1 yenye chipu mbili iliendelea vizuri. RAM ndogo na diski yenye chipu chache ni mchanganyiko mbaya zaidi kuliko kasoro mojawapo peke yake.

Seli moja, biti ngapi?

Chanzo cha pili cha tofauti kimo ndani ya seli yenyewe. Katika NAND za mwanzo kila seli ilihifadhi biti moja: kuna elektroni au hakuna. Aina hiyo huitwa SLC. Baadaye wahandisi walianza kupima elektroni zimejaa kiasi gani, na kwa kutofautisha viwango vinne wakapata biti mbili kwenye seli ileile, yaani MLC. Viwango vinane vikatoa biti tatu, TLC, ambayo ndiyo imeenea kwenye laptopu za sasa. Viwango 16 vikatoa biti nne, QLC.

Faida ni dhahiri: silikoni ileile hubeba data mara nne ya SLC. Malipo yake ni muda. Kutofautisha viwango viwili ni rahisi, lakini kutofautisha 16 vilivyosongamana katika nafasi ileile ya volti hudai kusukuma elektroni kwa hatua ndogondogo na kupima tena na tena. Kuandika QLC huchukua muda mrefu mara kadhaa kuliko SLC, kusoma nako hurefuka, na seli huchakaa baada ya kufutwa na kuandikwa mara chache zaidi.

Watengenezaji wana ujanja wa kuficha uzito huo. Sehemu ya seli za QLC au TLC hutumiwa kwa muda kana kwamba ni SLC, biti moja kwa kila seli, na data zote zinazoingia hupokelewa hapo kwa kasi kubwa. Diski ikipumzika, huzipakia upya polepole kwenye seli za biti nne. Sehemu hiyo ya mapokezi huitwa kache. Kwa anayeandika barua na kuhifadhi picha chache, kache haijai kamwe, na hatajua kuwa ana QLC.

Intel 660p, mojawapo ya SSD za kwanza za QLC kwa wateja wa kawaida, iliyotoka mwaka 2018, inaonyesha mambo haya waziwazi. Toleo lake la TB 1 lilitangazwa kuandika hadi MB 1,800 kwa sekunde. Likiwa tupu, kache yake ilifika takribani GB 140. Kadiri diski ilivyojaa, seli za kukopesha zilipungua, na baada ya kupita robo tatu ya ujazo ilibaki kache ya kudumu ya takribani GB 12. Kache ikiisha, kasi ya kuandika moja kwa moja kwenye QLC ilishuka hadi jirani na MB 100 kwa sekunde.

Mpiga video za harusi akiwa na diski hiyo, na chanzo chake nacho kikiwa na kasi ya kutosha, anataka kunakili GB 60 za kazi ya Jumamosi. Diski ikiwa tupu, zote zinaingia kwenye kache: MB 60,000 kwa kasi ya MB 1,800 ni takribani sekunde 33. Miezi sita baadaye diski imejaa hadi asilimia 85. GB 12 za kwanza zinaingia kwa sekunde 7 hivi, kisha mstari wa kijani kwenye dirisha la kunakili unaporomoka. GB 48 zilizobaki, kwa MB 100 kwa sekunde, zinachukua sekunde 480, yaani dakika nane. Hajabadilisha laptopu, hajapata virusi, na diski haijaharibika. Imejaa tu.

Kujaa kunaleta na mzigo mwingine. NAND huandikwa kwa kurasa za KB 16, lakini haifutiki kwa kurasa. Hufutwa kwa bloku nzima yenye MB kadhaa, na ukurasa wenye data ya zamani hauwezi kuandikwa juu yake kabla ya kufutwa. Kidhibiti hulazimika kuokota kurasa ambazo bado zina data hai ndani ya bloku, kuzihamishia kwingine, kisha kufuta bloku yote. Diski yenye nafasi hufanya hivyo ikiwa imepumzika. Diski iliyojaa pomoni hufanya hivyo wakati mwenyewe anasubiri. Mfumo wa kompyuta husaidia kwa amri iitwayo TRIM, inayoiambia diski kurasa zipi si za mtu tena baada ya faili kufutwa. Kwenye Windows hali yake huonekana kwa amri hii, na jibu la 0 maana yake TRIM inafanya kazi:

```
fsutil behavior query DisableDeleteNotify
```

Kuacha wazi asilimia 15 hadi 20 ya diski ni tahadhari inayotosha kwa watumiaji wengi.

Hata jina la modeli si dhamana ya kilichomo. Mwaka 2021 ilibainika kwamba SSD ya WD Blue SN550 ilikuwa imebadilishiwa NAND pasipo kubadilishwa jina, na kasi ya kuandika baada ya kache kujaa ilikuwa imeshuka kutoka takribani MB 610 hadi 390 kwa sekunde. Western Digital ilikiri, ikaahidi kwamba mabadiliko kama hayo siku zijazo yatakuja na namba mpya ya modeli. Kwa laptopu hali ni ya giza zaidi. Watengenezaji hununua diski kwa wauzaji kadhaa na kuandika kwenye maelezo "256GB SSD" basi, hivyo mashine mbili za modeli moja zilizotoka kontena moja zinaweza kuwa na diski za viwanda tofauti.

Njia ya kupitia

Chipu zikiwa nzuri namna gani, data lazima ipite kwenye njia inayoiunganisha diski na prosesa. Njia zilizoenea kwenye laptopu ni tatu.

Ya chini kabisa ni eMMC. Hii kwa asili ni kadi ya kumbukumbu, ndugu ya ile ya kamera, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao wa kompyuta. Ilitumika sana kwenye simu kabla ya kuhamia kwenye laptopu za bei nafuu, kama zile ndogo za familia ya HP Stream. Njia yake haizidi MB 400 kwa sekunde hata kwa toleo la kasi zaidi, na haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kidhibiti chake ni rahisi, na chipu huwa ni moja. Kwa vipande vile vya KB 4, aghalabu haivuki MB 20 kwa sekunde, na Windows inapojisasisha huku mtu akijaribu kufungua kivinjari, kusoma kunangoja kuandika kumalizike.

Ya kati ni SATA, njia iliyorithiwa kutoka kwa hadi diski. Kikomo chake halisi ni takribani MB 550 kwa sekunde, na mfumo wake wa maagizo una foleni moja ya maagizo 32. Ya juu ni NVMe, kanuni zilizotolewa mwaka 2011 kwa ajili ya hifadhi isiyozunguka, zinazoipitisha data kwenye PCIe, njia ileile inayotumiwa na kadi za michoro. PCIe ya kizazi cha 3 yenye mistari minne hupitisha takribani MB 3,500 kwa sekunde, ya kizazi cha 4 karibu mara mbili yake, na foleni za maagizo zinaweza kuwa maelfu.

Kwa kazi za ofisini, tofauti kati ya SATA na NVMe ni ndogo kuliko namba hizo zinavyodai, kwa sababu ileile ya vipande vidogo. Shimo lipo kati ya SSD yoyote na eMMC. Tatizo ni kwamba eMMC nayo haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo muuzaji anayeiita SSD hakosi maneno ya kujitetea. Mwanafunzi anayelinganisha laptopu mpya ya GB 128 za eMMC na laptopu ya mtumba ya ofisini yenye GB 128 za SATA, bei zikiwa karibu sawa, anaweza kuchukua ile inayong'aa na kuikuta nzito kuliko yenye umri wa miaka minane.

Umbo nalo hudanganya. Kijiti chembamba kiitwacho M.2, kinachofanana na kipande cha bazoka, kinaweza kuwa SATA au NVMe. M.2 ni jina la umbo na la tundu tu. Kuona kijiti badala ya boksi la inchi 2.5 hakuthibitishi kwamba ndani mna kasi ya PCIe.

Kuikagua dukani

Kwenye maduka ya mashine za mtumba ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, laptopu huwashwa mbele ya mteja, na dakika tano zinatosha kujua mengi. Kwenye Windows, amri hii huandikwa ndani ya PowerShell:

```
Get-PhysicalDisk | Format-Table FriendlyName, MediaType, BusType, Size
```

Safu ya `BusType` ndiyo ya kutazamwa. Ikiandika `NVMe` au `SATA`, njia imejulikana. Ikiandika `SD` au `MMC` kwenye diski yenye Windows, hiyo ni eMMC, hata kama stika ya nje inasema SSD. Ikiandika `RAID`, kompyuta imepangwa kuificha diski nyuma ya programu ya Intel, na jibu hutafutwa kwa jina la modeli lililo kwenye safu ya `FriendlyName`. Jina hilohilo likitafutwa mtandaoni hueleza pia kama diski ni TLC au QLC.

Programu ya bure ya CrystalDiskInfo huongeza mambo mawili. Sehemu ya `Transfer Mode` huonyesha njia inayotumika sasa na ile ambayo diski inaiweza. Maandishi kama `PCIe 3.0 x2 | PCIe 3.0 x4` maana yake diski ina uwezo wa mistari minne lakini ubao wa laptopu umeipa miwili, kwa hiyo nusu ya kasi ya juu haitapatikana hata diski ikibadilishwa. Sehemu ya `Health Status` hutoa asilimia ya uhai uliobaki, na `Total Host Writes` hueleza ni data kiasi gani imeshaandikwa tangu diski ianze kazi. Kwa mashine ya mtumba, diski yenye asilimia 97 na nyingine yenye asilimia 40 si bidhaa moja, ingawa zote ni GB 256.

Kwa kasi yenyewe, CrystalDiskMark hutoa mistari kadhaa ya matokeo. Wauzaji hupenda kuonyesha wa juu, `SEQ1M Q8T1`, wenye namba za maelfu. Mstari wa chini, `RND4K Q1T1`, ndio unaopima vipande vya KB 4 kimoja kimoja, na ndio unaokaribia zaidi kile ambacho mtumiaji atakihisi akifungua programu.

Kwa laptopu ambayo tayari iko nyumbani na inasuasua, Task Manager hutenganisha ugonjwa wa diski na mingine. Kwenye `Performance`, kisha `Disk 0`, hutazamwa `Active time` na `Average response time`. Diski ikiwa asilimia 100 huku ikipitisha MB 5 au 8 tu kwa sekunde na muda wa kujibu ukiwa mamia ya milisekunde, diski imezidiwa. SSD yenye afya katika kazi za kawaida hujibu kwa milisekunde chache au pungufu. Lakini kabla ya kuilaumu, hutazamwa pia `Memory`. Kama RAM ya GB 4 imejaa, diski inabeba mzigo usio wake, na kuongeza RAM kutasaidia kuliko kununua SSD ya gharama. Vyote viwili vikiwa vimetulia na laptopu bado ni nzito, tatizo liko kwenye prosesa au joto.

Jambo la mwisho la kukagua ni kama diski inabadilishika. eMMC iliyolehemiwa haibadilishwi na fundi wa kawaida, ingawa baadhi ya laptopu zenye eMMC zina tundu tupu la M.2 ndani, na mfuniko wa chini ukifunguliwa huonekana mara moja. Penye tundu, kabla ya kununua kijiti huulizwa mambo mawili: kama linapokea NVMe au SATA pekee, na urefu unaokubalika, ambao huandikwa kwa namba kama 2242 au 2280, tarakimu mbili za mwisho zikiwa ni milimita. Kijiti cha NVMe kwenye tundu la SATA pekee ama hakitaingia, ama kitaingia na kompyuta isikitambue. Yote mawili hupatikana kwenye mwongozo wa matengenezo wa modeli husika, ambao kampuni kama HP, Lenovo na Dell huutoa bure kwenye tovuti zao.